Jedwali la kuamua kwenda kusoma nje: jinsi ya kupima pesa, familia na kazi

Kila udahili wa vyuo vya nje unapotoka, napigiwa simu na swali ni lilelile: "Nimepata barua ya chuo, niende au nisiende?" Sina jibu la kumpa mtu. Ninachoweza kumpa ni jedwali ambamo kila njia hupewa alama, kila jambo hupewa uzito, kisha vinazidishwa na kujumlishwa, na namna ya kulijaza bila kujidanganya. Maswali yanayofuata nayo hayabadiliki: uzito ni nini, alama zinatoka wapi, na mbona jedwali limetoa jibu ambalo moyo haulitaki. Nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja.

Mfano nitakaoutumia ni wa mpwa wangu, na ameniruhusu. Ni mhandisi wa maji Mwanza, ana miaka 29, ana mke na mtoto wa miaka 3. Alimaliza shahada ya kwanza miaka minne iliyopita. Amepata nafasi ya uzamili wa miaka 2 katika chuo cha umma Ujerumani, masomo kwa Kiingereza, hakuna ada, lakini hana ufadhili.

Kabla ya kuanza, uwe na haya mezani

- Barua ya udahili, na ukurasa wa chuo unaoeleza gharama. Usiishie kwenye neno "bure". Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, lakini jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kuwatoza mwaka 2024.
- Jibu la maandishi kutoka kwa mwajiri: ukienda, mshahara unaendelea au unasimama? Nafasi yako inasubiri? Kuna mkataba wa kurudi kufanya kazi miaka kadhaa?
- Matangazo kama 10 ya kazi unayoitaka miaka mitano ijayo. Kwa serikalini yatafute Ajira Portal. Piga mstari chini ya sifa wanazodai.
- Kiasi halisi cha akiba yako. Ahadi za ndugu zisiingie humo.
- Karatasi, au programu yoyote ya majedwali, na saa mbili tulivu. Kama una mwenzi, awepo.

Hatua ya 1: Andika njia zote, zisiwe mbili

Kosa la kwanza ni kulinganisha "kwenda" na "kubaki". Kubaki kufanya nini? Mtu akiweka ndoto upande mmoja na maisha ya jana upande wa pili, ndoto itashinda kila mara. Njia za mpwa wangu, tulipokaa tukazichambua, zilikuwa tatu:

- U: kwenda Ujerumani sasa, kwa kujilipia.
- D: kusoma uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.
- S: kubaki kazini mwaka mmoja na kuomba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi na wasomi.

Njia ya tatu hakuwa ameifikiria kabisa. Mpango wa DAAD uitwao EPOS unamtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka 2, na kwa kawaida shahada yake ya mwisho isizidi miaka 6. Yeye ana miaka minne tangu ahitimu, kwa hiyo akisubiri mwaka mmoja bado yumo. Akisubiri mitatu, mlango umefungwa. Mambo kama hayo ndiyo yanayoifanya "kusubiri" iwe njia yenye tarehe, isiwe kuahirisha tu.

Hatua ya 2: Pitisha kila njia kwenye masharti ya lazima

Kuna mambo hayapimwi kwa uzito. Ama yapo, ama njia hiyo inafutwa. Jedwali lina tabia moja mbaya: alama nyingi za kazi zinaweza kuficha kwamba pesa ya viza haipo.

Kwa Ujerumani sharti kubwa ni akaunti iliyofungwa. Mwanafunzi anayejilipia huweka humo fedha za mwaka mzima kabla ya kupewa viza, kisha hutolewa kidogokidogo kila mwezi. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni yuro 11,904, yaani yuro 992 kwa mwezi. Nikitumia shilingi 3,000 kwa yuro moja ili hesabu iwe nyepesi, hiyo ni milioni 35.7. Angalia kiwango cha siku unayoomba, kwa sababu hubadilishwa.

Watu wengi huiita pesa hiyo "ada ya viza". Sivyo. Ni yako, na utaila wewe mwenyewe ukiwa huko. Kosa la upande wa pili ni kusahau mwaka wa pili: ukienda kuongeza kibali cha kuishi, utaulizwa tena utaishi kwa nini.

Mpwa wangu alikuwa na akiba ya milioni 22, na SACCOS ya kazini ilikuwa tayari kumkopesha zilizobaki. Sharti likapita, kwa kujikamua. Kama lingetaka kuuza nyumba anayoishi mke na mtoto, tungeifuta njia U hapohapo na jedwali lingebaki na safu mbili.

Hatua ya 3: Geuza faida na hasara kuwa mistari

Sasa andika faida na hasara zote kama zinavyokuja kichwani. Mpwa wangu alifikisha 19. Ukizisoma tena utaona nyingi ni jambo moja lililosemwa mara mbili. "Nitakuwa mbali na mtoto" ni hasara ya U, na "nitamwona mtoto akikua" ni faida ya kubaki. Ni mstari mmoja. Ukiiacha yote miwili, umelipa jambo hilo uzito mara mbili bila kujua.

Kisha futa mistari ambayo njia zote zinafanana. Hapa tulibishana. Aliandika "matunzo ya mama" na akataka kuyapa uzito mkubwa kuliko yote, kwa sababu mama ni mama. Nikamuuliza nani anampeleka kliniki ya kisukari kila mwezi. Dada yake, ambaye anaishi na mama. Akienda Ujerumani? Dada. Akienda Dar? Dada. Akibaki? Alinyamaza, kisha akasema, "Dada, mjomba." Mama ni muhimu kupita maelezo, lakini mstari wake hautofautishi njia yoyote, kwa hiyo hauna kazi kwenye jedwali. Fedha anayomtumia tuliihamishia kwenye bajeti, kama matumizi ambayo hayasimami popote atakapokuwa.

Tulibaki na mistari minne: fedha itakayotoka mfukoni, mshahara utakaokatika, kuwa mbali na mke na mtoto, na ujuzi wa kumfikisha kwenye kazi anayoitaka. Mistari minne hadi sita inatosha. Ikifika kumi na miwili, anayejaza huchoka na kuanza kubahatisha.

Hatua ya 4: Toa alama, mstari mmoja kwa wakati

Usijaze njia moja kutoka juu hadi chini. Ukifanya hivyo, njia unayoipenda itapata 8 kila mahali. Jaza kwa mstari: matokeo bora kabisa yapate 10, mabaya kabisa yapate 0, mengine yakae katikati. Sifuri haina maana ya ubaya. Ina maana ya mwisho kati ya haya yaliyopo.

Fedha ni rahisi kwa sababu ina tarakimu. Ujerumani miaka miwili kwa yuro 992 kwa mwezi ni milioni 71.4. Tiketi, viza na tafsiri za vyeti alizikadiria milioni 4. Kazi za muda tulizihesabu kwa tahadhari. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, na kima cha chini cha mshahara kuanzia Januari 2026 ni yuro 13.90 kwa saa. Lakini mwaka wa kwanza tuliuwekea sifuri: lugha bado, mji mgeni, masomo mazito. Mwaka wa pili tukaweka saa 10 kwa wiki, wiki 40, ambazo ni yuro 5,560, kama milioni 16.7. Kinachotoka mfukoni kikabaki milioni 59. Dar, kwa makadirio yake ya ada, chumba na nauli, ni milioni 20. Kusubiri ni sifuri, maana akikosa ufadhili habanduki, na akiupata analipiwa.

Kwa hiyo S ina 10, U ina 0, na D ni (59 − 20) ÷ 59 × 10, yaani 6.6. Tukaandika 7.

Mshahara: mwajiri alijibu kwamba kwa chuo cha ndani au ufadhili kamili mshahara unaendelea, na kwa kujilipia nje ni ruhusa bila malipo. U 0, D 10, S 10.

Kuwa mbali na familia: akibaki nyumbani ni 10, akienda miaka miwili peke yake ni 0. Dar anarudi likizo na anaweza kupanda basi au ndege mtoto akiugua. Hapa mkewe ndiye aliyesema 6, na tuliiheshimu, maana ndiye atakayebaki na mtoto usiku. Kwa nini asiwachukue? Kwa mwanafunzi, mwenzi kwa kawaida hutakiwa awe na Kijerumani cha ngazi ya mwanzo, A1, na bajeti lazima itoshe watu watatu. Kwa milioni zile haikutosha. Uingereza ni ngumu zaidi: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kozi za darasani kwa kawaida haruhusiwi kuleta mwenzi wala mtoto.

Ujuzi: U 10, D 5, kubaki bila uzamili wowote 0. Tano ya Dar iliwashangaza marafiki zake, waliotaka iwe 2. Lakini katika matangazo 10 aliyoyasoma, yaliyodai shahada ya uzamili hayakusema ya nchi gani. Tofauti iliyobaki ilikuwa maabara, programu za kuiga mtiririko wa maji, na miezi 18 ambayo mhitimu hupewa Ujerumani kutafuta kazi ya fani yake. Na ukumbuke kwamba cheti cha nje ukirudi nacho Tanzania kinapitia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kutambuliwa.

Njia S ina bahati ndani yake. Usiipe alama kana kwamba ufadhili umeshapatikana. Mpwa wangu alijipa nafasi 3 kati ya 10. Ujuzi: 10 akipata, 0 akikosa, kwa hiyo 3. Familia: 0 akipata, 10 akikosa, kwa hiyo 7.

Hatua ya 5: Weka uzito, ukitazama pengo na si heshima

Hapa ndipo majedwali mengi yanapoharibika. Mtu huulizwa, "Kipi muhimu zaidi, pesa, familia au kazi?" Naye hujibu kama yuko mbele ya wazee: familia. Swali hilo halifai. Uzito unapima pengo kati ya 0 na 10 katika mstari huo, kwenye jedwali hili.

Fanya hivi. Fikiria njia mbaya iliyo na 0 kila mahali: umelipa milioni 59, umepoteza mshahara wa miaka miwili, uko mbali na mtoto, na hukupata ujuzi wowote. Unaruhusiwa kupandisha mstari mmoja tu kutoka 0 hadi 10. Utapandisha upi? Huo upe 100. Wa pili una thamani ngapi ukiulinganisha na huo? Endelea hivyo, kisha zigeuze zote jumla yake iwe 100.

Mpwa wangu alichagua kwanza mtoto. Ujuzi ulifuata kwa karibu, kisha fedha, kisha mshahara. Tulipozigeuza na kuziviringisha zikawa 35, 30, 20 na 15. Ukiangalia, pesa kwa jumla ni 35, familia 35 na kazi 30.

Andika uzito huo kwa kalamu ya wino, na tarehe. Jioni ile barua ilipofika, kabla hajanipigia, alikuwa amejaza jedwali lake peke yake na kazi ameipa 60. Tutaona lilimpa nini.

Hatua ya 6: Zidisha na ujumlishe

| Mstari | Uzito | U | D | S |
|---|---|---|---|---|
| Fedha mfukoni | 20 | 0 | 7 | 10 |
| Mshahara | 15 | 0 | 10 | 10 |
| Mbali na familia | 35 | 0 | 6 | 7 |
| Ujuzi na kazi | 30 | 10 | 5 | 3 |
| Jumla | 100 | 300 | 650 | 685 |

Kwenye programu ya majedwali, uzito ukiwa safu ya B na Ujerumani safu ya C, andika hivi chini ya C, kisha buruta kuelekea kulia:

```
=SUMPRODUCT($B$2:$B$5,C2:C5)
```

Programu ikikataa mkato, weka nuktamkato mahali pake. Inategemea mpangilio wa lugha ya kompyuta.

Hatua ya 7: Tikisa uzito uone jibu linageukia wapi

Jumla moja haitoshi. Badilisha uzito wa kazi, kilichobaki ukigawe kwa mistari mingine kwa uwiano uleule, na uhesabu tena. Kwa mpwa wangu ilikuwa hivi:

| Uzito wa kazi | U | D | S |
|---|---|---|---|
| 30 | 300 | 650 | 685 |
| 45 | 450 | 618 | 603 |
| 60 | 600 | 586 | 520 |

Jedwali hili dogo lina faida kuliko lile kubwa. Kazi ikiwa chini ya 40 hivi, kusubiri kunashinda. Kati ya 41 na 58, Dar inashinda. Ujerumani kwa kujilipia inashinda kuanzia 59 kwenda juu tu. Ile 60 ya usiku wa barua ilikuwa imevuka mstari kwa tofauti ya alama 14, na mwenyewe hakujua kwamba amesimama ukingoni. Swali likabadilika. Halikuwa tena "niende?", likawa "hivi kweli ujuzi huu una uzito kuliko pesa na mtoto vikijumlishwa pamoja?" Hilo aliweza kulijibu.

Mambo yanayokwama, na la kufanya

*Njia mbili zinakaribiana.* Tofauti ya 35 kati ya D na S, katika jumla inayoweza kufika 1,000, si ushindi. Alama moja tu ya ujuzi ikibadilika, 30 zimehama. Chukua S na D kama sare, na uulize ipi haikufungii nyingine. Kusubiri mwaka hakumzuii kuomba Dar mwaka ujao.

*Jumla imetoka lakini moyo unakataa.* Usibadilishe uzito ili jibu liwe tamu. Tafuta mstari usioandikwa. Mara nyingi ni aibu ya kuwaambia watu umeacha nafasi, au hamu ya kuondoka kwenye kazi yenye bosi mgumu. Iandike kama ilivyo, uipe uzito mbele ya mwenzi wako, uone kama bado inasimama.

*Nafasi ya ufadhili ikipanda, njia hiyo inashuka.* Ilitutokea. Tulipoweka nafasi 5 kati ya 10 badala ya 3, S ilishuka kutoka 685 hadi 675, kana kwamba kupata ufadhili ni msiba. Nikamuuliza: ukiipata barua ya DAAD utahuzunika? Akacheka. Basi alama ilikuwa na kosa. Tuliandika 0 ya familia kwa akipata, lakini katika mazingira fulani DAAD huongeza posho kwa anayefuatana na familia, jambo ambalo anayejilipia hana. Tulipoiweka 5, familia ya S ikawa 8.5, na jumla, kwa nafasi ileile ya 3 kati ya 10, ikapanda hadi 737.5.

*Mwenzi ana uzito tofauti.* Msichukue wastani. Jazeni majedwali mawili yenye alama zilezile na uzito tofauti. Njia ikishinda kote, hakuna ugomvi. Ikishinda upande mmoja tu, mnajua mnabishana juu ya mstari upi.

*Umri unagusa gharama.* Bima ya afya ya umma kwa bei ya mwanafunzi Ujerumani, zaidi kidogo ya yuro 140 kwa mwezi, kwa kawaida huishia unapofika miaka 30. Mpwa wangu angefikisha 30 akiwa muhula wa kwanza au wa pili, na baada ya hapo angelipa zaidi. Kwa njia U tulipaswa kuongeza hilo tangu mwanzo na tulisahau. Anayefadhiliwa na DAAD bima yake hulipwa na mfadhili.

*Taarifa mpya imeingia.* Badilisha alama, acha uzito. Mwajiri akigeuza jibu lake, thamani ya yuro ikipanda, au chuo kikianza kutoza ada, ni alama zinazohama. Mpwa wangu ameliweka jedwali lake ndani ya bahasha pamoja na pasipoti, na amelifungua mara moja tu, siku mkewe alipopata kazi mpya na hesabu ya mshahara ikabidi ifanywe upya.